Nyeusi, manjano, nyekundu: Lile bango la taka wodini linamkinga nani hasa?

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, watu huingia wodini mbio kama wanaodandia matatu ya mwisho. Una chupa ya chai mkononi, ndizi kwa juala na chipsi ulizonunua pale nje ya geti. Mnapiga stori na mgonjwa, mnakula, halafu unabaki umeshika karatasi yenye mafuta na chupa tupu ya soda. Ukiangalia kando, kuna mapipa matatu: jeusi, la manjano na jekundu. Ukutani kuna bango lenye rangi hizo hizo. Wengi wetu hata hatulisomi. Tunatupa kwa pipa lililo karibu na kitanda, basi, safari ya nyumbani.

Hebu leo tulisome pamoja. Si kwa sababu mwalimu atakuuliza, ila kwa sababu kuna mtu mwingine kabisa, ambaye hukumwona, atakayebeba ule mfuko ukishaondoka. Bango lile liliwekwa kwa ajili yake kuliko kwa ajili yako, na hata kuliko kwa ajili ya nesi. Ukishaelewa hivyo, rangi zote zinaanza kuleta maana.

Rangi tatu na boksi moja

Katika hospitali nyingi za Kenya mpango ni huu. Pipa jeusi ni la taka za kawaida, yaani zile ambazo hata kwako nyumbani zingekuwepo: karatasi, maganda ya ndizi, mabaki ya chakula, chupa ya maji, na makaratasi yaliyofungia vifaa kabla havijagusa mgonjwa.

Pipa la manjano ni la taka zenye maambukizi. Hapa ndipo huingia glavu zilizotumika, pamba yenye damu, shashi iliyotolewa kwa kidonda, bendeji chafu, na mpira wa dripu wenye damu ndani. Kwa kifupi, kitu kikishaguswa na majimaji ya mwili wa mgonjwa, makao yake ni manjano.

Pipa jekundu ni la zile zenye hatari ya juu zaidi: vipande vya mwili vilivyokatwa kwenye upasuaji, kondo la nyuma baada ya mama kujifungua, na sampuli za maabara zilizokuzwa vijidudu. Kwa wodi ya kawaida, pipa hili huwa halina kazi nyingi. Kwa chumba cha kujifungulia, halipumziki.

Halafu kuna kitu cha nne ambacho si pipa. Ni boksi gumu lenye kitundu kidogo juu, ambalo wahudumu huliita sefti boksi. Ni la vitu vyenye ncha au makali pekee: sindano, visu vya upasuaji, nyembe, na chupa ndogo za dawa za glasi zilizovunjwa shingo. Boksi hili lina sheria yake, na tutalirudia, kwa sababu ndilo linalobeba hatari kubwa kuliko mapipa yote matatu.

Hospitali moja inaweza kutofautiana kidogo na nyingine. Kuna mahali shashi iliyolowa damu chapachapa huenda nyekundu badala ya manjano. Kwa hivyo ukiwa wodini, bango la hapo ndilo sheria, si kile ulichosoma mtandaoni, hata kama ulikisoma hapa.

Pipa hubaki, mfuko huondoka

Sasa hapa kuna jambo ambalo mabango mengi hayasemi. Ukitazama vizuri, utaona pipa lina mfuko ndani yake. Jioni au alfajiri mhudumu wa usafi huja, anafunga ule mfuko, anautoa, anaweka mwingine. Pipa linabaki wodini na rangi yake nzuri. Kinachosafiri ni mfuko.

Fikiria basi mifuko ya manjano imeisha stoo. Wodi haiwezi kukaa bila mifuko, kwa hivyo mtu anachukua mfuko mweusi anautia ndani ya pipa la manjano. Wodini kila kitu bado kinaonekana sawa. Bango linasema manjano, pipa ni la manjano, nesi anatupa shashi yenye usaha mahali panapofaa kabisa. Lakini mfuko ukifika nyuma ya hospitali, pale taka zinapokusanywa, ni mfuko mweusi kati ya mifuko myeusi. Aliye kule hajui ulitoka pipa gani. Kwake ni taka ya kawaida, na taka ya kawaida hupakiwa kwenye lori kwenda jaa la taka kama taka ya mtaa wowote ule.

Na unajua jaani kuna nani. Kama umewahi kupita Dandora, umeona watu wakichambua kwa mikono, wengi wao vijana wa umri wako, wakitafuta plastiki na chuma vya kuuza. Mtu huyo hajaona bango lolote. Ulinzi wake wote ulikuwa rangi ya mfuko, na rangi ilibadilishwa pale stoo.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa makini husema rangi ya mfuko ndiyo rangi ya kweli. Pipa na bango ni wasaidizi tu. Mifuko ikiisha, kuna njia ya kuziba pengo kwa muda: mfuko wowote utakaotumika ubandikwe utepe kabla hata haujaanza kujazwa, uandikwe kwa kalamu nene kwamba ni taka za maambukizi, pamoja na jina la wodi na tarehe. Si suluhisho la kudumu, lakini ujumbe unasafiri na mfuko hadi kwa mtu wa mwisho.

Tufuate kazi moja ya asubuhi

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano. Ni asubuhi, nesi amefika kitanda cha mgonjwa mwenye kidonda mguuni. Ana kazi mbili: amdunge dawa, kisha abadilishe bendeji. Ni dakika ishirini hivi. Hesabu taka zinazotoka.

Kwanza anafungua sindano mpya. Karatasi na plastiki iliyoifunga haijagusa mtu yeyote. Hiyo ni nyeusi. Anavunja shingo ya chupa ndogo ya glasi ili avute dawa. Ile glasi iliyovunjika ina makali, kwa hivyo haiendi nyeusi hata kama haina damu. Inaenda kwenye sefti boksi. Hapa watu wengi hukosea kwa sababu wanafikiria habari ya vijidudu pekee. Sefti boksi haiulizi kama kitu kina vijidudu. Inauliza kama kinaweza kutoboa.

Anamdunga mgonjwa. Sindano ikitoka, kuna sekunde mbili za hatari. Mkono mmoja umeshika sindano yenye damu, mwingine uko huru, na kile kifuniko chake kidogo kiko kwa trei. Mazoea yanamwambia airudishie kifuniko. Hapana. Kurudishia kifuniko ni kulenga ncha yenye damu kuelekea vidole vyako mwenyewe, na ukikosa kidogo tu umejidunga. Pia hachomoi sindano kwenye bomba lake. Sindano na bomba huingia vyote pamoja, vikiwa vimeshikana, moja kwa moja kwenye sefti boksi. Na boksi lenyewe linafaa liwe hapo hapo kwenye toroli, umbali wa mkono. Likiwa mwisho wa wodi, nesi atatembea na sindano wazi kati ya vitanda, au ataiweka kwa trei akisema atarudi. Zile sindano ambazo hupatikana zimefichika kwa shuka huanzia kwenye hilo neno "nitarudi".

Pamba aliyofutia pale alipodunga ina tone la damu. Manjano. Anahamia mguuni, anatoa bendeji ya jana na shashi iliyoshikana na kidonda. Manjano. Anaosha kidonda, anaweka shashi mpya. Karatasi iliyofungia ile shashi mpya ni nyeusi, mradi hakuiweka juu ya ile chafu. Mwisho anavua glavu akizigeuza ndani nje. Manjano. Ananawa mikono, na tishu aliyojipangusia ni nyeusi.

Umeona? Mgonjwa mmoja, dakika ishirini, na taka zimegawanyika njia tatu. Nyekundu haikuhusika hata kidogo. Sasa zidisha mara vitanda vyote vya wodi, asubuhi na jioni, ukiwa umechoka na kuna mtu anakuita kitanda cha kumi na nne. Hapo ndipo unaelewa kwa nini bango halipaswi kuwa insha. Nesi hana muda wa kusoma mistari kumi na mbili. Anahitaji jicho lake lione picha na mkono uende.

Makosa hayalingani uzito

Kuna makosa mawili ya kuchanganya, na hayafanani.

Kosa la kwanza ni kutia taka ya kawaida kwa manjano, kama ile karatasi yako ya chipsi. Hakuna atakayeugua kwa sababu ya chipsi. Shida ni gharama. Mfuko wa manjano hauendi jaani. Unaenda kuchomwa kwenye tanuri maalum au kuchemshwa kwa mvuke mkali kwenye mtambo, na kazi hiyo hulipiwa kwa kilo. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka zote za hospitali ni taka za kawaida zisizo na hatari. Zenye hatari ni karibu asilimia 15 tu. Tuseme basi wodi imetoa kilo 100 kwa wiki. Ikitenganisha vizuri, inahitaji kuchoma kilo 15 hivi. Ikichanganya zote, inachoma kilo 100. Ni kazi ile ile, wagonjwa wale wale, lakini bili ni karibu mara saba. Tena tanuri dogo likijazwa plastiki nyingi linatoa moshi mzito, na plastiki zingine zenye klorini zikiungua kwa moto hafifu hutoa sumu iitwayo dioksini. Moshi huo hauendi mbali. Unashuka kwa mtaa ulio nyuma ya ukuta wa hospitali.

Kosa la pili ni kinyume chake: kutia taka ya maambukizi kwa nyeusi. Hili ndilo baya zaidi. Shashi moja yenye damu ikiingia pipa jeusi, mfuko wote unahesabiwa kuwa wa maambukizi, kwa sababu hakuna anayejua majimaji yamegusa nini. Na sasa sikiza vizuri: ukiona umetupa vibaya, usirudishe mkono kutoa. Hata kama kitu unakiona pale juu. Huwezi kujua chini yake kuna nini. Mwambie nesi, mfuko mzima upandishwe daraja, ufungwe na kutibiwa kama wa manjano. Taka hupanda kutoka nyeusi kwenda manjano, haishuki.

Hiyo ndiyo pia kanuni ya wakati unashangaa. Je, nepi ya mtoto anayeharisha ni nyeusi au manjano? Ukiwa na shaka, panda juu. Manjano.

Boksi lisilojazwa hadi juu

Turudi kwa sefti boksi sasa. Ukiliangalia kando utaona mstari umechorwa kwenye robo tatu ya urefu wake. Ule mstari si mapambo. Boksi likipita hapo, sindano mpya inayoingia inagonga zilizomo, inarudi juu, na ncha inachungulia kwenye kitundu. Anayefuata akisukuma yake kwa nguvu, anadungwa na ya mwenzake. Likifika mstarini, linafungwa kabisa, halifunguliwi tena, halitikiswi ili nafasi ipatikane, na kamwe halimwagwi ndani ya boksi lingine.

Sasa piga hesabu kidogo. Boksi la kawaida la lita 5 hubeba sindano kama 100 pamoja na mabomba yake. Wodi inayodunga mara 40 kwa siku italimaliza kwa siku mbili na nusu. Likianza kutumika Ijumaa asubuhi, litakuwa limefika mwisho Jumapili mchana. Na Jumapili mchana, stoo imefungwa. Kwa hivyo bango linaweza kusema vizuri sana "usipitishe robo tatu", lakini kama hakuna boksi la akiba kwenye kabati la wodi, nesi wa zamu ya Jumapili hana pa kwenda. Atajaza hadi juu, au atachukua chupa ya plastiki ya maji. Chupa laini ya maji hutobolewa na sindano. Ndipo mhudumu wa usafi akiibeba Jumatatu ikiwa imekaa kwa paja lake, anahisi kitu.

Ndiyo maana bango zuri lina sehemu ndogo chini isiyo na picha: nani anabadilisha boksi, na la akiba liko wapi. Mstari mmoja tu, umeandikwa kwa kalamu ya kufutika.

Kwa wewe unayechora

Kati yenu wapo wanaojua kuchora kwa simu na kompyuta, na zahanati ya mtaa inaweza kukupa hiyo kazi. Usikimbilie kuifanya ipendeze. Fanya hivi.

Anza na picha za vitu vya kweli kutoka wodi hiyo hiyo. Ingia na nesi, mwambie akuonyeshe vile vitu ambavyo huishia pipa baya, kisha piga picha ya hivyo. Mchoro wa sindano kila mtu anautambua. Kinachosumbua ni ile chupa ndogo ya glasi iliyovunjika, mpira wa dripu, na karatasi ya shashi. Hivyo ndivyo vipewe nafasi kubwa. Picha nne au tano kwa kila rangi zinatosha.

Panga rangi za bango kwa mfuatano ule ule wa mapipa yalivyo sakafuni. Bango likianza na nyeusi kushoto na mapipa yaanze na nyekundu kushoto, jicho na mkono vitapingana, na saa tisa usiku mkono ndio utashinda. Libandike juu ya mapipa, kiwango cha macho. Likiwekwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi ya nesi msimamizi, wakaguzi ndio watakaolisoma.

Usitegemee rangi peke yake. Kuna wanaume ambao macho yao hayaoni wekundu vizuri. Kwa baadhi yao nyekundu huonekana nyeusi nyeusi, ya giza. Wazia basi huyo ni mhudumu wa zamu ya usiku, taa ni hafifu, na mapipa mawili yanayofanana machoni mwake ni lile la maganda ya ndizi na lile la hatari kuliko yote. Andika neno kubwa kwa kila pipa, na uweke ile alama ya pete yenye mapembe matatu kwenye manjano na nyekundu. Alama hiyo ilibuniwa mwaka wa 1966 kwenye kampuni ya Dow Chemical huko Marekani. Wabunifu walitaka umbo ambalo watu walikuwa hawajalihusisha na kitu chochote lakini wangelikumbuka kwa urahisi, ili baadaye wafundishwe maana yake. Ujanja huo una masharti: alama isiyofanana na kitu chochote haijielezi yenyewe. Kwa hivyo chini yake andika kwa Kiswahili, wazi: HATARI, USIGUSE.

Na kabla hujachapisha, lifanyie mtihani. Usimpe daktari. Mpe mhudumu wa usafi aliyeajiriwa juzi. Mshikie vitu kumi safi ambavyo havijatumika, umwombe aelekeze kila kimoja pipa lake akiangalia bango tu, bila wewe kusema neno. Pale atakaposita, bango ndilo limeshindwa, si yeye. Rekebisha hapo.

Ikikudunga

Hii sehemu inafaa kuwa kwenye bango, na mara nyingi haipo. Kama wewe ni mwanafunzi wa uuguzi kwenye mazoezi, kibarua wa usafi, au unauguza mtu wako na umekutana na sindano kwa shuka, shika hivi.

Osha pale palipodungwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue damu, usinyonye, usimwagie jiki. Kisha sema mara moja. Usisubiri zamu iishe, usione aibu kwamba utaonekana mzembe. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya ajali kama hiyo, zinazojulikana kama PEP. Huanzwa haraka iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72 tangu tukio. Humezwa kwa siku 28. Ukifika siku ya nne ukisema nilikuwa nafikiria, mlango umefungwa.

Watu huogopa Ukimwi zaidi, lakini hesabu iko tofauti. Sindano ikitoka kwa mtu mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Ikitoka kwa mwenye homa ya ini ya aina ya B, na wewe hujachanjwa, unaweza kufika watu 300 kati ya 1,000. Tofauti ni mara mia. Na hiyo ndiyo yenye chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Kwa hivyo kabla hujakubali kibarua chochote cha kusafisha hospitali, hata kama ni cha kampuni iliyopewa tenda, uliza swali moja kabla ya kuuliza mshahara: mimi nitachanjwa lini? Mara nyingi nesi ameshachanjwa. Anayebeba mfuko ndiye husahauliwa.

Angalia bila kugusa

Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka zinataka taka za hospitali zitenganishwe pale pale zinapotokea. Kwa hivyo ukiuliza swali wodini huingilii mambo ya watu. Na kuna mambo manne unayoweza kuona ukiwa umesimama tu, mikono mfukoni.

Angalia rangi ya mfuko, si ya pipa. Vinafanana? Angalia pipa jeusi kwa juu: kuna glavu au pamba yenye damu? Angalia pipa la manjano: limejaa chupa za soda na maganda ya ndizi? Hilo linakuambia kwamba wageni hawana pipa lao karibu na mlango, na lawama si ya wagonjwa. Mwisho, angalia sefti boksi: liko karibu na mahali pa kudungia, na yaliyomo yako chini ya mstari?

Ukikuta shida, mwambie nesi wa zamu kwa heshima. "Sista, samahani, naona lile boksi limepita mstari." Sentensi hiyo inatosha. Na ile karatasi yako ya chipsi? Tembea nayo hadi pipa jeusi, hata kama liko mwisho wa wodi. Ukikosa kuliona, irudishe kwa juala lako uende nayo.